Kamba ya pima: shajara ya ushirika wa wasukaji ukili, Likoni

14 Januari 2025

Leo tumepima mikono ya broka wetu. Amekuja asubuhi kama kawaida yake kununua ukili, ule utepe uliosukwa kwa majani ya miyaa, barazani kwa bibi yangu. Amekamata ncha ya ukili, akanyoosha mikono na kuanza kuhesabu: pima moja, pima mbili. Nimemwomba asimame ukutani, mikono ikiwa vile vile, nikatia alama ya chaki kwenye ncha za vidole vyake pande zote mbili. Amekubali, hana roho mbaya. Alipoondoka nikachukua tepu ya fundi cherehani na kupima: sentimita 196. Pima ya bibi yangu ni 158.

Kwa hiyo bibi akisuka nyumbani na kuhesabu pima 50 kwa mikono yake, broka akija anahesabu 40 na kidogo, kisha wanabishana, kisha bibi ananyamaza kwa sababu mnunuzi ndiye mwenye pesa. Tukichukulia pima ya kawaida kuwa sentimita 180, kila pima anayohesabu broka inachukua sentimita 16 zaidi. Kwenye pima 50 hizo ni mita nane, yaani zaidi ya pima nne ambazo hakuzilipa. Miaka yote hii sisi tumekuwa tukizungumzia bei tu. Kipimo hatukukizungumzia hata siku moja.

Jioni tumekutana wanawake kumi na mmoja, wa Mtongwe, Shika Adabu na hapa Likoni. Mimi nimechaguliwa niandike. Nitaandika kila panapotokea jambo la kuandikwa.

19 Januari

Tumekata kamba ya katani ya sentimita 180 na kutia fundo kila baada ya sentimita 30. Tumekata nyingine kumi zinazolingana nayo, kila mmoja aende na yake. Kuanzia leo hakuna anayeuza ukili kwa mikono ya mtu. Broka alipoiona kamba aliguna kidogo, kisha akanunua.

Hii ndiyo kazi ya kwanza tuliyoifanya kwa pamoja, na haikugharimu hata shilingi mia mbili.

6 Februari

Leo mazungumzo yamekuwa marefu: tunataka kushirikiana katika lipi hasa? Wengine walitaka tuanze na duka Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, watalii wanakopita. Shangazi mmoja, ambaye amesuka tangu kabla sijazaliwa, akauliza duka hilo litajazwa na nini. Akaweka vikapu vyetu vitano mkekani, vyote tunaviita "saizi ya kati". Kimoja mdomo wake unaingia ndani ya kingine. Ukili wa kimoja ni wa vidole vitatu, wa kingine vinne, na vidole vyenyewe havilingani. Mishikio miwili ni ya miyaa, mitatu ni ya kamba ya plastiki. Hapakuwa na la kubisha.

Tumekubaliana kuanza na kikapu kimoja tu. Mdomo upana wa sentimita 34, kimo 30, ukili wa sentimita 5, mshikio wa miyaa uliosokotwa. Kinakula karibu pima tano za ukili. Fundi wa vyuma ametukunjia duara la waya la kupimia mdomo, na kwa upana wa ukili tunatumia kijiti kilichokatwa sawasawa. Kikapu cha mfano tumekitundika nyumbani kwa mwenyekiti, na hakiuzwi.

22 Februari

Misala imeuzwa yote kwa ajili ya Ramadhani, kila mtu kivyake. Hatukuwa tayari kuuza pamoja. Nimeandika ili mwakani tukumbuke kuanza Desemba.

11 Machi

Ramadhani, mikutano inakuwa mifupi baada ya Alasiri. Mwenyekiti nami tumekwenda ofisi ya ushirika ya kaunti kuulizia usajili. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, chama cha msingi hakiwezi kusajiliwa na watu wasiofika kumi, nao wawe na jambo moja linalowaunganisha. Sisi sasa tumefika kumi na wanne. Tunahitaji sheria ndogo za chama katika nakala nne, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha chama, fomu iliyotiwa saini na maelezo ya biashara yenyewe itakavyojiendesha. Kamati iwe na watu wasiopungua watano na wasiozidi tisa. Tutachukua watano, maana sisi wenyewe ni wachache.

Afisa alikuwa mpole na alitupa saa nzima. Alituonya tusinakili sheria ndogo za chama kingine neno kwa neno, kwa sababu siku ya ugomvi ndipo watu huzisoma kwa mara ya kwanza. Akatutajia sehemu tatu ambazo ugomvi huanzia: mwanachama analeta mali kiasi gani, analipwa lini, na mali ikikataliwa hasara ni ya nani. Nimeziandika kwa wino mwekundu.

17 Machi

Tumekwenda Changamwe kwenye ushirika wa wachongaji, Akamba Handicraft, ambao upo tangu 1963. Nilitaka kuona jinsi watu wengi wanavyouza chini ya dari moja bila kugombana. Mchongaji mmoja alitugeuzia kinyago chake akatuonyesha nambari chini yake. Nambari hiyo ni yake peke yake. Kikiuzwa, inajulikana nani alipwe. Kikirudishwa, inajulikana nani aulizwe.

Sisi kikapu hakichongwi nambari. Bibi ndiye aliyepata njia: kila mmoja ashone alama yake kwa uzi wa rangi ndani, chini ya mshikio wa kushoto. Mimi yangu ni mishono miwili ya buluu.

9 Aprili

Mvua za masika zimeanza. Tumepata mnunuzi mwenye duka la zawadi katika hoteli moja upande wa Nyali. Anataka vikapu 120 kabla ya wageni wa Julai. Ametaja 350 kwa kila kikapu, malipo siku thelathini baada ya kupokea.

Broka hutununulia kwa 150, kwa hiyo 350 ilisikika kama zawadi. Wengi walitaka tukubali papo hapo. Mweka hazina akaomba tusijibu mpaka kesho, na usiku huo tukakaa watatu na karatasi. Nitaiandika hesabu yote, maana ndiyo iliyotuokoa.

Miyaa tukinunua kwa jumla kule Kwale, badala ya mafungu ya hapa Likoni, inatugharimu shilingi 35 kwa kikapu, na 10 za kuisafirisha. Hapo ni 45. Kukodi pikap kuvipeleka Nyali kwa safari mbili ni 3,000, yaani 25 kwa kikapu. Sasa tumefika 70. Kazi ya mikono inachukua siku moja na nusu ukichanganya kusuka na kushona, nasi tumesema hakuna atakayeshona kwa chini ya 250. Jumla 320. Chama kinahitaji asilimia kumi ya mauzo kwa ajili ya ghala, simu, karatasi na akiba. Kwa hiyo 320 lazima iwe tisa ya kumi ya bei, na bei yenyewe inakuwa 356. Kwa ile 350 aliyoitaja, mshonaji angebaki na 245. Tofauti ni ndogo, lakini ingekuwa tumekubali hasara siku ya kwanza bila kujua.

Tukaandika 360 kwenye kipande cha karatasi na kukubaliana kwamba tukishushwa chini ya hapo tunanyanyuka na kuaga.

11 Aprili

Tumekwenda watatu kwa mnunuzi. Tuliomba 480. Yeye akarudi kwenye 350, akasema wako wengine wa bei hiyo. Mwenyekiti hakubishana. Akatoa vikapu sita ndani ya gunia, vimeshonwa na watu sita tofauti, akavipanga mezani, akapitisha duara la waya kwenye kila mdomo, kimoja baada ya kingine. Mnunuzi akanyamaza. Kisha akatwambia mwaka jana alikusanya kutoka kwa mabroka wanne, na rafu yake ilikuwa kama soko, kila kikapu na umbo lake, na picha aliyomtumia mteja wake haikufanana na mzigo.

Hapo ndipo nilipoelewa tunachouza. Kuwa kumi na wanne peke yake hakukumtisha, kwa sababu anaweza kumwendea mmoja mmoja wetu nyumbani. Alichokosa ni vikapu 120 vinavyolingana kutoka mkono mmoja, na mtu mmoja wa kumpigia simu vikichelewa.

Tumefunga kwa 420, na amekubali kutoa arubuni ya asilimia thelathini, shilingi 15,120. Baki ni siku thelathini baada ya mzigo wa mwisho. Arubuni ilikuwa ngumu kuipata kuliko bei. Alikuwa tayari kuongeza ishirini nyingine mahali pa arubuni, tukakataa. Sababu nitaieleza nikipumzika.

13 Aprili

Sababu ni hii. Mwanamke anayesuka hapa kwetu anahitaji pesa akimaliza kikapu. Unga haungoji siku thelathini. Broka anajua hivyo, ndiyo maana anakuja na noti mkononi. Chama kikimwambia mwanachama "lete leo, utalipwa mwezi wa nane", ataleta kikapu kibaya kwa chama na kizuri atampa broka. Sitamlaumu. Kwa hiyo lazima tulipe kitu siku ya kupokea, na kingine baada ya mnunuzi kulipa, kama wakulima wa kahawa wanavyopata malipo ya kwanza na ya pili. Hayo malipo ya kwanza yatoke wapi? Arubuni na hisa.

Hisa moja tumeiweka 500, na kila mtu lazima achukue mbili. Pesa ziko kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja, mpaka cheti kitoke na tufungue akaunti.

20 Aprili

Mkutano mzito. Mwenzetu mmoja ana duka na ana uwezo. Amesema atatoa hisa za 30,000 ili tusihangaike. Alikuwa na nia safi, na nusu ya watu walipiga makofi. Ilibidi nisome sheria kwa sauti: hakuna mwanachama anayeruhusiwa kushika zaidi ya moja ya tano ya hisa zote zilizolipwa. Wengine kumi na watatu wameweka jumla ya 13,000. Ili asivuke moja ya tano, yeye hawezi kupita 3,250, na kwa kuwa hisa ni za mia tano mia tano, mwisho wake ni 3,000.

Alikasirika kidogo, akauliza kwa nini pesa yake ikataliwe. Shangazi akamjibu kwa upole: "Mwanangu, ukitoa thelathini elfu, siku utakapotaka kuondoka utaondoka na chama chote." Akanyamaza, akafikiri, akatoa 3,000. Kura yake ni moja kama ya bibi yangu. Hisa sasa ni 16,000.

27 Aprili

Hesabu ya pesa mkononi, nimeisomea mkutano. Hisa 16,000 na arubuni 15,120 ni 31,120. Miyaa na usafiri wake 5,400. Inabaki 25,720. Tukilipa 180 kwa kila kikapu siku ya kupokea, vikapu 120 vitakula 21,600. Zinabaki 4,120. Pikap safari mbili 3,000, nakala na nauli za usajili 800. Mwisho wake sanduku litakuwa na shilingi 320. Hakuna nafasi ya kukosea, lakini inatosha. Tukilipa 200 badala ya 180, tunakwama njiani.

Kuhusu pikap, kuna jambo limenishangaza. Zamani kila mtu alikwenda sokoni peke yake na vikapu vinane, matatu mpaka feri, kuvuka kwa miguu, matatu tena, na kurudi: kama 200. Hiyo ni 25 kwa kikapu, sawasawa na pikap. Kwa upande wa nauli, usafiri wa pamoja hautupunguzii chochote. Tunachookoa ni siku. Vikapu 120 vingekula safari kumi na tano, na kila safari ni siku ya mtu aliyekaa kwenye foleni ya feri badala ya kusuka. Penye akiba ya pesa kweli ni kwenye miyaa: 45 badala ya 60.

8 Mei

Vikapu 31 vimepokewa. Broka amesikia. Jana amepita nyumba kwa nyumba na bei mpya: 200. Miaka mitatu ilikuwa 150, na sasa kwa siku moja imeruka.

10 Mei

Dada mmoja amemuuzia vikapu sita. Alama yake ya uzi ilionekana Marikiti. Mkutano ulianza kwa kelele, wengine walitaka afukuzwe. Mwenyekiti akamwomba aseme mwenyewe. Mtoto alirudishwa shule kwa ajili ya ada, na 200 ni zaidi ya 180. Ndivyo alivyosema, na machozi yalimlenga.

Mweka hazina akachukua kipande cha mkaa, akaandika sakafuni. Zile 200 za broka, miyaa ni yako: ulinunua fungu kwa 60, umebaki na 140. Zile 180 za chama, miyaa umepewa, haikatwi hapa. Leo hii umebaki na 180, na bado kuna malipo ya pili. Watu waliinuka kutazama. Kusema kweli wengi wetu, mimi mmoja wao, tulikuwa tunalinganisha 200 na 180 vichwani mwetu bila kukumbuka miyaa. Na vile vikapu sita vilisukwa kwa miyaa ya chama, kwa hiyo dada alikuwa amemuuzia broka miyaa yetu bure. Amekubali kukatwa 45 kwa kila kimoja kwenye malipo ya pili, 270, na kushona vingine sita kwa miyaa aliyoinunua mwenyewe.

Tumeandika katika sheria ndogo: kikapu cha saizi ya mfano, kilichosukwa kwa miyaa ya chama, kinakuja kwa chama. Misala, mikeka, kawa na mapakacha kila mtu auze apendako. Afisa alituambia tusiwafunge watu mikono kwa vitu ambavyo chama chenyewe hakina mnunuzi wake, na nadhani hilo ndilo limetuliza mkutano. Ada ya mtoto tumechangishana pembeni, haikutoka sandukuni.

2 Juni

Mzigo wa kwanza, vikapu 60, umevuka feri leo asubuhi. Tumevipanga vikiwa vimesimama, tusivilaze, maana kikapu kikikunjwa kinabaki na mstari usiotoka.

4 Juni

Mnunuzi amerudisha kumi na moja. Sikulala vizuri jana, nimeandika leo nikiwa nimetulia.

Saba ni vidogo mdomoni. Alama zinaonyesha vimetoka kwa watu wawili. Tulivipokea jioni, taa ilikuwa imekatika, na aliyekuwa anapokea hakupitisha waya. Wenyewe wamekubali kushona vingine na hawatalipwa malipo ya kwanza mara ya pili. Vile saba watauza wenyewe.

Vinne vina koga, na hapo kosa si la mshonaji. Vilipokewa vikiwa safi. Tuliviweka ghalani ndani ya mifuko ya plastiki, juu ya sakafu ya saruji, wiki ile mvua haikukatika. Ukili uliokauka nje unaweza kuwa na unyevu ndani ya mshono, na plastiki inauzuia kutoka. Sasa tumejifunza kuutambua. Kwanza inakuja harufu, ile ya nguo iliyokaa beseni usiku kucha, siku mbili kabla hujaona kitu. Kisha vitone vya kijivu, na huanzia kwenye mshono wa kitako, si mdomoni. Bibi ana njia yake: anaweka kitako shavuni. Kikiwa na ubaridi, bado hakijakauka, hata kama mkono unakwambia kimekauka. Nimejaribu kwenye vikapu ishirini na hakukosea.

Hasara ya vinne hivyo ni ya chama. Washonaji wamekwisha kulipwa 180 zao, na wakishona vinne vingine lazima walipwe tena: 720. Sanduku halina pesa hiyo. Wamekubali kungoja mpaka mnunuzi alipe, na nimewaandikia karatasi yenye saini tatu. Nilidhani watanung'unika. Mmoja alisema anachotaka ni karatasi tu, kwa sababu broka hakuwahi kumpa karatasi.

7 Juni

Tumejenga chaga ghalani, mbao za masanduku ya matunda juu ya matofali, kimo cha goti. Plastiki imepigwa marufuku, tunatumia magunia ya katani. Kabla ya kuletwa, kikapu kinalala usiku mmoja kwa mleta, kitako juu, kwenye uchaga wa jikoni juu ya moshi mdogo, halafu ndipo kinapokewa. Mapokezi ni saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana, hakuna jioni.

28 Juni

Mzigo wa pili, 60 na vile kumi na moja vya kufidia, umepokelewa wote. Mnunuzi alipitisha mkono kwenye kila kitako. Hakurudisha hata kimoja.

5 Julai

Jumamosi ya kwanza ya Julai, siku ya ushirika. Tumehudhuria watano, tumevaa leso za sare. Cheti chetu kimetoka wiki hii! Kimeandikwa jina la chama kwa herufi kubwa, na bibi ameniomba nimsomee mara mbili.

30 Julai

Siku thelathini zimepita juzi. Mnunuzi hajalipa. Anasema Jumatatu.

6 Agosti

Bado. Watu wameanza kupita kwangu mmoja mmoja, "nilikuwa napita tu". Najua wanachouliza. Leo mwenyekiti amekwenda na mkataba, ameketi kwenye ofisi ya mnunuzi tangu saa tatu, hakupandisha sauti. Ameambiwa kesho kutwa.

14 Agosti

Zimeingia: 35,280, siku 47 baada ya mzigo wa mwisho. Mara ijayo mkataba utasema kwamba hatupeleki mzigo mwingine kabla ya baki kulipwa, na tutaomba arubuni ya asilimia arobaini. Siku hizo kumi na saba za ziada zilinifundisha kwamba zile 320 zilizobaki sandukuni hazikuwa akiba. Ilikuwa bahati hakuna aliyeugua.

17 Agosti

Leo nimesoma hesabu mbele ya watu wote, kila mtu na kalamu yake au na mtoto anayejua kusoma. Mauzo 50,400. Toa miyaa na usafiri wake 5,400, toa pikap 3,000, inabaki 42,000. Fungu la chama 5,040. Linalobaki kwa washonaji ni 36,960, ukigawa kwa 120 ni 308 kwa kikapu. Mlikwisha kupokea 180. Malipo ya pili ni 128.

Kwa hiyo mkononi ni 308, miyaa ikiwa imelipwa, dhidi ya 140 za broka kwa ile bei yake mpya, au 90 kwa bei ya zamani. Niliposoma 90 kulikuwa na ukimya barazani ambao sikuutarajia. Shangazi alisema taratibu, "Tisini. Miaka yote." Kisha akaendelea kusuka.

Dada aliyeuza sita pembeni alikatwa 270 zake na hakusema neno. Karatasi za vikapu vinne zimelipwa, 720. Chama kilibaki na 5,040, kikatoa 800 za usajili na hizo 720, kikapokea 270 za miyaa. Akiba yetu ni 3,790, na hisa 16,000 ziko palepale, sasa zikiwa benki.

Waliouliza kwa nini tusigawane 3,790 walikuwa watatu. Kura imepigwa, imebaki.

9 Septemba

Mnunuzi ametaka 200 kwa ajili ya Desemba, kwa bei ileile na arubuni ya asilimia arobaini. Wanawake sita wa Mtongwe wameomba kujiunga. Kamati imewapa kamba na kijiti, na kila mmoja alete vikapu viwili vya majaribio kabla ya kununua hisa.

Nilipokuwa nikiwakatia kamba zao niliilaza mpya kando ya yangu ya Januari. Yangu imezidi kwa sentimita nne. Katani huvutika, na tumeivuta kila siku kwa miezi minane. Nimezikusanya za wote na kuzipima: hakuna mbili zinazolingana, moja imefika 187. Ina maana tangu sijui lini wenzetu wanaomuuzia broka ukili wamekuwa wakimpa sentimita za bure tena, safari hii kwa kipimo chetu wenyewe. Seremala amekubali kutukatia fito ishirini za mninga, sentimita 90 kila moja, mbili zikifanya pima. Atazileta Ijumaa. Mpaka hapo nimewaomba wasiuze ukili.

12 Septemba

Fito zimefika. Nimezipima zote ishirini kwa tepu. Mbili ni fupi kwa nusu sentimita, nimezirudisha.